Kukadiria maji ya kaya kwa siku: mradi wa modeli ya hisabati wenye dhana zinazoonekana

Waambie wanafunzi wakadirie maji yanayotumika nyumbani kwa siku moja, na kesho yake wengi watakuletea namba moja tupu: lita 200, lita 350, lita 500. Ukikagua hesabu utakuta wamejumlisha na kuzidisha vizuri. Kasoro iko mahali pengine, kwenye yale waliyoyachukulia kuwa kweli bila kuyaandika: kwamba ndoo ya lita 20 huwa na lita 20, kwamba Jumapili ni sawa na Jumanne, kwamba kila tone linalopita kwenye mita limetumiwa na mtu. Hizo ndizo dhana za modeli, na mradi huu umekusudiwa kuzitoa mafichoni.

Mwongozo unamlenga mwalimu wa sekondari mwenye wiki 3 na kikundi cha wanafunzi 4 au 5. Vifaa ni vichache: chupa ya lita 1, rula, saa yenye sekunde, daftari na, ikiwezekana, nyumba yenye mita ya maji. Nitatembea na kaya moja ya mfano toka mwanzo hadi mwisho. Ina watu 5, bomba la ndani, mita na choo cha kuvuta maji. Namba zake nimezitunga ili hesabu ifuatike kirahisi, ila ni za kiwango ambacho wanafunzi wako watakutana nacho kweli.

Hatua ya 1: Wekeni mpaka wa swali

"Kaya inatumia maji kiasi gani?" bado si swali linalokokotoleka. Mtoto akinywa maji shuleni, yanahesabiwa? Maji ya kumwagilia bustani yamo? Maji ya kusuuzia nguo yakitumika tena kusafisha sakafu, ni mara moja au mara mbili? Wape wanafunzi dakika 20 wabishane juu ya maswali haya, na usiwape majibu. Mabishano hayo ndiyo dhana za kwanza za mradi.

Kwa kaya yetu, kikundi kiliandika hivi: "Tunakadiria wastani wa lita zinazoingia nyumbani kupitia bomba kwa siku, katika wiki ya kawaida isiyo na wageni. Maji yanayotumika shuleni na kazini hayamo. Bustani haipo. Maji yanayotumika mara ya pili hayahesabiwi upya." Sentensi nne tu, lakini sasa mtu mwingine anaweza kwenda kwenye nyumba ileile na kupima kitu kilekile.

Neno "wastani" hapo lina kazi. Nguo hazifuliwi kila siku, kwa hiyo hakuna siku moja inayoweza kusimama badala ya zote. Tunachotafuta ni maji ya wiki nzima kugawanya kwa 7.

Hatua ya 2: Andikeni modeli kabla ya kupima chochote

Hapa walimu wengi hutanguliza vipimo. Mimi nashauri fomula itangulie, kwa sababu fomula ndiyo inayowaambia wanafunzi wapime nini. Panga matumizi katika mafungu matatu: yanayokua kadiri watu wanavyoongezeka, yanayokwenda na nyumba kwa jumla, na yanayotokea mara chache kwa wiki. Kwa kaya yetu fomula ilitoka hivi:

```
J = n(bk + cf + m) + p + v + sd/7
```

J ni lita za kaya kwa siku na n ni idadi ya watu. Ndani ya mabano kuna maji ya mtu mmoja: b ni mara anazooga kwa siku na k ni lita za kila kuoga, c ni mara anazovuta maji chooni akiwa nyumbani na f ni lita zinazotoka kila mvuto, m ni lita za kunawa mikono na kupiga mswaki. Nje ya mabano, p ni maji ya kunywa na kupika, v ni ya kuosha vyombo, s ni mara za kufua kwa wiki na d ni lita za kila ufuaji.

Kabla hawajaweka namba, waambie wakague vipimo vya kila sehemu. Mara kwa siku zikizidishwa na lita kwa mara zinatoa lita kwa siku, na ndivyo inavyotakiwa. Mwanafunzi aliyesahau kugawanya kwa 7 atajikuta anajumlisha lita za wiki na lita za siku. Ukaguzi huu unamkamata papo hapo.

Kuna swali litakaloibuka karibu kila darasa: "Mwalimu, si kweli kwamba watu wote 5 wanaoga kwa maji sawa. Mdogo wangu anatumia nusu ndoo." Ni swali zuri, na jibu lake ni kwamba modeli haidai hivyo. Inadai tu kwamba k ni wastani wa watu 5 hao, na wastani ukizidishwa na 5 unarudisha jumla yao hata kama kila mmoja ana kiasi chake. Dhana inavunjika pale kikundi kinapochukua k ya kaya hii na kuipeleka kwenye kaya nyingine yenye watoto wachanga watatu. Waandike hilo, maana ni mpaka halisi wa modeli yao.

Hatua ya 3: Pimeni vyombo, msiamini maandishi yake

Chukua ndoo iliyoandikwa lita 20. Mwombe mtu wa nyumba hiyo aijaze kama anavyoijaza kila siku anapokwenda kuoga. Hataijaza hadi ukingoni, kwa kuwa ingemwagika njiani. Sasa wanafunzi wachote maji hayo kwa chupa ya lita 1 huku mmoja akihesabu kwa sauti. Kwenye kaya yetu yalitoka lita 17. Tofauti ya lita 3 inaonekana ndogo, ila watu 5 wakioga mara moja kwa siku ni lita 15 ambazo zingehesabiwa bila kuwapo. Kama kuna mizani, kazi ni nyepesi zaidi: lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1, kwa hiyo ndoo yenye maji ukitoa ndoo tupu inakupa lita moja kwa moja.

Tangi la choo lina njia mbili. Ya kwanza ni jiometri. Funua mfuniko, weka alama kwenye usawa wa maji, vuta, kisha weka alama pale maji yaliposhuka. Tangi la kaya yetu lina urefu wa ndani wa sentimita 40, upana wa sentimita 15, na maji yalishuka sentimita 15:

```
40 x 15 x 15 = 9000 cm³ = lita 9
```

Njia ya pili ni kufunga koki inayoleta maji kwenye tangi, kuvuta, kisha kulijaza kwa chupa ya lita 1 hadi alama ya juu. Wafanye zote mbili. Matangi mengi yamepinda kwenye pembe na yana vali na boya ndani, hivyo jiometri huzidisha kidogo. Njia hizo zikitofautiana kwa zaidi ya lita 1, huenda kuna aliyepima kwa nje badala ya ndani.

Kwa maji ya bomba lililo wazi, kama wakati wa kunawa, pimeni kasi kwanza. Chupa ya lita 1 ikijaa kwa sekunde 10, bomba linatoa lita 6 kwa dakika. Kisha mtu anawe kama kawaida huku mwingine akiangalia saa. Sekunde 6 za maji yanayotiririka ni lita 0.6. Mikono ikinawiwa mara 5 kwa siku ni lita 3, na lita 1 ya kupiga mswaki, m inakuwa lita 4. Tahadhari moja: mtu anayejua anatazamwa hunawa vizuri kuliko siku zote, au hufunga bomba haraka kuliko siku zote. Dawa yake ni kupima zaidi ya mara moja na kutomtangazia unachotafuta mpaka amalize.

Beseni la kufulia lilijazwa mara 3, lita 35 kila mara, kwa hiyo d ni lita 105. Familia ilisema hufua mara 2 kwa wiki. Kunywa na kupika ni lita 20 kwa kaya nzima, na vyombo ni lita 30.

Hatua ya 4: Kadirio la kwanza, na dhana iliyo hatarini

Imebaki c, mara za kuvuta maji chooni. Kikundi hakikuwa na kipimo, kikakisia 5 kwa mtu kwa siku. Weka namba:

```
J = 5(1 x 17 + 5 x 9 + 4) + 20 + 30 + (2 x 105)/7
J = 5(66) + 50 + 30
J = 410
```

Lita 410 kwa siku, yaani lita 82 kwa mtu. Shirika la Afya Duniani hutaja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa kiasi kinachotosheleza mahitaji mengi ya msingi. Namba hiyo haithibitishi kwamba 410 ni sahihi. Inatusaidia tu kugundua kosa la waziwazi, kama mtu kupata lita 8 au lita 800 kwa mtu kwa sababu ya nukta iliyohama.

Usiruhusu kikundi kiishie hapa. Kila dhana sasa ipewe kiwango cha chini na cha juu ambacho kikundi kingekubali bila kushangaa. Halafu badilisha moja kwa wakati, nyingine zote zikibaki kama zilivyo, na tazama J inavyosogea:

| Dhana | Chini – juu | J inakuwa |
|---|---|---|
| Mvuto wa choo kwa mtu (c) | 3 – 6 | 320 – 455 |
| Mara za kufua kwa wiki (s) | 1 – 3 | 395 – 425 |
| Lita za kuoga (k) | 15 – 20 | 400 – 425 |
| Kunawa na mswaki (m) | 2 – 6 | 400 – 420 |
| Vyombo (v) | 20 – 40 | 400 – 420 |
| Kunywa na kupika (p) | 15 – 25 | 405 – 415 |

Jedwali hili lina thamani kuliko kadirio lenyewe. Wanafunzi hupenda kupima maji ya kunywa kwa mililita, kwa sababu kikombe kinashikika na kipimo chake kinatoka safi. Lakini hata wakikosea maji ya kunywa na kupika kwa lita 5 nzima, jibu linasogea lita 5 tu. Wakikosea c kwa mvuto mmoja, linasogea lita 45, yaani 5 mara 9. Dhana waliyoikisia hewani ndiyo iliyoshika usukani wa jibu lote. Basi juhudi za wiki inayofuata ziende huko.

Ukitaka kuwaonyesha uzio wa nje, weka viwango vyote vya chini kwa pamoja: J ni lita 270. Vyote vya juu kwa pamoja: lita 510. Ni nadra kila dhana ikakosea upande mmoja kwa wakati mmoja, kwa hiyo ukweli unatarajiwa kukaa mbali na ncha hizo. Hata hivyo, mwanafunzi aliyeona uzio huo hawezi tena kuandika "lita 410.00" kwa raha.

Hatua ya 5: Hesabuni mvuto kwa wiki nzima

Bandika karatasi karibu na choo, yenye safu 7 za siku, na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Kila anayevuta maji anachora mstari mmoja. Majina hayaandikwi. Hili si la adabu tu: kikihitajika jina, watu wataacha kuandika, na data itapungua bila wewe kujua. Ni vizuri pia kikundi kichague nyumba moja iliyoridhia, badala ya kila mwanafunzi kuleta takwimu za kwao zikalinganishwe mbele ya darasa.

Karatasi ya kaya yetu ilikuwa na mistari 75 kwa siku 5 za kazi, sawa na 15 kwa siku. Jumamosi ilikuwa na 31 na Jumapili 34. Jumla ni 140. Kwa watu 5 na siku 7:

```
c = 140 / (5 x 7) = 4
```

Tulia kidogo kwenye namba hizi na darasa. Kikundi kilichopima Jumanne peke yake kingepata c = 3 na J = 320. Kilichopima Jumapili peke yake kingepata c = 6.8 na J = 491. Nyumba ni ileile, fomula ni ileile, na vikundi vyote viwili vimehesabu mistari kwa uaminifu. Kilichowatofautisha ni dhana moja isiyoandikwa, kwamba siku waliyoichagua inawakilisha wiki. Watu wanaokwenda kazini na shuleni huacha sehemu kubwa ya mivuto yao huko, na mwishoni mwa wiki inarudi nyumbani.

Kwa c = 4, kadirio jipya ni:

```
J = 5(17 + 36 + 4) + 50 + 30 = 365
```

Hatua ya 6: Linganisheni na mita, kisha msiikimbie tofauti

Mita nyingi za maji za majumbani husoma kwa mita za ujazo. Kwa kawaida tarakimu nyeusi ni mita za ujazo kamili na nyekundu ni sehemu zake. Zikiwa nyekundu tatu, ya mwisho inahesabu lita moja moja. Mita 1 ya ujazo ni lita 1000. Someni mita saa ileile mwanzoni na mwishoni mwa wiki ya karatasi, si wiki nyingine.

Jumatatu saa 12 asubuhi mita ilisoma 418.362. Jumatatu iliyofuata saa 12 asubuhi ilisoma 421.274. Tofauti ni 2.912, yaani lita 2912, na ukigawanya kwa 7 unapata lita 416 kwa siku.

Hapa ndipo mradi unapokuwa mtamu, na ndipo vikundi vingi vinapopotea. Kadirio la kwanza, lililojengwa juu ya kisio la hewani la c = 5, lilikuwa 410, karibu kabisa na mita. Kadirio la pili, lililojengwa juu ya hesabu ya wiki nzima, ni 365, pungufu kwa lita 51. Kishawishi cha kurudi kwenye 5 ni kikubwa sana. Mwanafunzi atakwambia kwamba pengine watu walisahau kuchora mistari, na pengine ni kweli. Lakini mwulize: wangapi wangesahau? Ili kupata lita 51 kwa mivuto ya lita 9 inahitajika mivuto 5 au 6 iliyosahaulika kila siku, karibu 40 kwa wiki, juu ya 140 iliyoandikwa. Je, kaya iliyokuwa inachora kwa uangalifu ingeacha mingi hivyo? Kubadilisha dhana ili jibu lipendeze kunaruhusiwa tu ukiwa na ushahidi wa dhana yenyewe.

Kwa hiyo irudieni fomula na muulizane imenyamazia nini. Kila herufi ndani yake ni tendo la mtu: anaoga, anavuta, ananawa, anapika, anaosha, anafua. Kumbe modeli nzima imesimama juu ya dhana ambayo haikuandikwa kokote, kwamba maji hayatoki kwenye bomba ila mtu awe ameyatoa.

Dhana hiyo inapimika kwa usiku mmoja. Kaya ikikubali, someni mita watu wote wanapolala na msome tena kabla ya yeyote kuamka. Saa 4 usiku ilisoma 421.655, saa 11 alfajiri ilisoma 421.669. Lita 14 zimepita katika saa 7 bila mtu kugusa bomba:

```
14 / 7 = lita 2 kwa saa
2 x 24 = lita 48 kwa siku
```

Angalizo mbili. Mtu akiamka na kwenda chooni, mvuto mmoja wa lita 9 unaharibu jaribio, kwa hiyo karatasi ya mistari ibaki palepale usiku huo, na ikiwa na alama, jaribio lirudiwe. Tena, mita inayosoma lita nzima nzima inaweza kukosea kwa lita 1 kwenye tofauti. 13 au 15 badala ya 14 zingetoa takriban lita 45 au 51 kwa siku. Basi andikeni "takriban lita 48", na dhana mpya pembeni yake: maji yanavuja kwa kasi ileile mchana na usiku. Nayo haina uhakika, kwa sababu presha ya bomba mara nyingi hupanda usiku watumiaji wanapopungua, na mvujo hupanda nayo.

Kujua yanavujia wapi, anzeni na choo. Tieni matone ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo na mtu asivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa vali ya chini haufungi vizuri. Mvujo wa aina hii hauna sauti wala hauachi maji sakafuni, ndiyo maana kaya inaweza kukaa nao miezi. Rangi isipoonekana, fungeni koki za vyumba moja baada ya nyingine huku mkitazama kigurudumu kidogo kwenye uso wa mita, kile kinachozunguka hata kwa maji machache. Kikisimama, mmepata tawi lenye tatizo.

Fomula sasa inapata kiungo kipya, w, cha maji yanayovuja:

```
J = n(bk + cf + m) + p + v + sd/7 + w
J = 365 + 48 = 413
```

Mita inasema 416. Waambie wasishangilie lita 3. Makosa madogo ya ndoo, beseni na kunawa yanaweza kuwa yamefutana yenyewe kwa yenyewe. Kilicho imara ni kwamba c sasa imehesabiwa, w imepimwa, na hakuna kiungo kilichowekwa ili kuziba pengo.

Kama nyumba ina tangi la akiba linalojazwa na bomba, mita inapima kujaa kwa tangi na si matumizi ya muda huo. Usawa wa maji tangini uwe sawa katika usomaji wa kwanza na wa mwisho, au tofauti yake iingizwe. Jaribio la usiku nalo litakudanganya tangi likiwa bado linajaa, kwa hiyo funga koki ya kuliingizia maji na utazame usawa wa tangi wenyewe. Ndivyo pia inavyofanyika pasipo na mita kabisa. Kwa tangi la silinda lenye nusu kipenyo cha sentimita 60, kila sentimita 1 inayoshuka ni:

```
3.14 x 60 x 60 x 1 = 11304 cm³, takriban lita 11.3
```

Rula iliyobandikwa ubavuni mwa tangi linalopitisha mwanga inatosha, ingawa kusoma kwa makosa ya nusu sentimita kunagharimu karibu lita 6. Someni tangi lisipokuwa linajazwa.

Hatua ya 7: Kuandika dhana ili msomaji aweze kuzipinga

Ripoti nyingi zina sentensi kama hii: "Tulichukulia kwamba watu wanatumia maji kwa kawaida." Haina herufi kwenye fomula, haina namba, na hakuna kinachoweza kuivunja. Ifuteni. Dhana iliyoandikwa vizuri inataja imegusa kiungo gani, ina thamani gani na kwa upana gani, imetoka wapi, na ni hali gani ingeibatilisha. Kwa kaya yetu:

"Tunachukua c = 4 kwa mtu kwa siku, kutokana na mistari 140 iliyochorwa na watu 5 kwa siku 7. Watu wakisahau mstari 1 kwa kila 10 waliyoichora, c itakuwa 4.4 na J itaongezeka kwa lita 18. Thamani hii haifai wakati wa likizo, watoto wanaposhinda nyumbani."

Msomaji asiyekubaliana na c sasa ana pa kushika. Anaweza kuweka yake na kupata jibu lake bila kuwauliza wenye ripoti. Katika kusahihisha, mimi hutafuta hilo kabla ya kutazama J. Kikundi kilichopata lita 365 kikaeleza wazi kwamba hakikuwa na mita na hakikukagua mvujo kimefanya kazi bora kuliko kilichopata 416 bila kusema k imetoka wapi.

Si kila dhana inastahili aya nzima. Ile inayosogeza J kwa lita 5 ipewe mstari mmoja. Urefu wa maelezo ufuate ukubwa wa athari kwenye jedwali la hatua ya 4. Na jibu la mwisho liandikwe kwa ukubwa unaolingana na vipimo: "takriban lita 410 kwa siku, kati yake karibu 50 zinavuja."

Hatua ya 8: Tabiri kabla ya kusoma mita tena

Kaya ikibadilisha mpira wa tangi la choo, kikundi kinapata nafasi ambayo miradi michache ya darasani huipata: modeli yao inaweza kukosea hadharani. Kabla ya wiki mpya kuanza waandike utabiri na kuufunga kwenye bahasha. Mvujo ukiisha, w ni 0 na J ni lita 365, kwa hiyo kwa siku 7 mita isonge lita 2555, yaani 2.555 kwenye tarakimu zake. Waweke pia upana wanaoukubali, tuseme 2.400 hadi 2.700, na waseme kwa nini wamechagua huo.

Mita ikisonga zaidi ya 2.700, rudieni kwanza jaribio la usiku. Namba za usiku zikiwa bado zinapanda, w haijafika 0 na kuna sehemu nyingine inayovuja. Zikiwa zimesimama, kuna matumizi ya mchana ambayo fomula haina herufi yake, na usafi wa sakafu ndio wa kwanza kushukiwa, kwa kuwa kikundi kilidhani maji yake yote yanatoka kwenye suuza ya nguo. Ikisonga chini ya 2.400, angalieni karatasi ya mistari ya wiki mpya: huenda kuna mtu aliyesafiri na n ilikuwa 4 kwa siku kadhaa, au kaya, baada ya kuambiwa kuhusu lita 48, imeanza kufunga bomba mapema.